Kusitisha bima ya msaada barabarani Mwanza: urudishiwe fedha, uihamishie gari jingine, au uiache iishe?

Mtu akiuza gari hapa Mwanza, suala la kubadilisha kadi halisahauliki, maana mnunuzi mwenyewe atamganda mpaka liishe. Kinachosahaulika ni mkataba wa msaada barabarani: ile huduma ya kuletewa brekidauni ukikwama Magu au Misungwi, kustuliwa betri, kubadilishiwa tairi, kuletewa lita chache za mafuta. Umelipiwa mwaka mzima kwa mkupuo, gari limeshaondoka, na miezi inaendelea kukatika bila mtu yeyote kuitumia.

Mwenye mkataba wa namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kuusitisha na kudai fedha za miezi iliyobaki, anaweza kuuhamishia kwenye gari jingine, au anaweza kuuacha ufe wenyewe siku yake ikifika. Nimeona watu wakichagua ya tatu kwa sababu tu hawakujua kwamba zile mbili zipo. Nimeona pia watu wakikimbilia kusitisha wakati kuhamisha kungewaachia thamani kubwa zaidi. Ipi inakufaa wewe inategemea mambo mawili: aina ya karatasi uliyo nayo, na namna kampuni inavyohesabu kilichobaki.

Karatasi tatu zinazofanana kwa juu

Msaada barabarani huuzwa kwa sura tatu, na zote ukizisikia mdomoni kwa muuzaji zinafanana. Tofauti huonekana siku ya kudai fedha.

Sura ya kwanza ni msaada ulio ndani ya bima kubwa ya gari. Umekata bima kubwa, na kampuni imekuongezea ukurasa mmoja unaosema ukikwama utavutwa hadi kilomita fulani. Mara nyingi ukurasa huo hauna bei yake. Umetolewa kama nyongeza ya kumvutia mteja, au bei yake imeyeyuka ndani ya ada yote. Hapa kudai fedha za msaada peke yake ni kazi bure, kwa sababu hakuna kiasi kilichoandikwa cha kugawanya. Ukitaka fedha, itabidi usitishe bima kubwa yote, na hapo lazima uwe mwangalifu: gari ambalo bado unaliendesha haliruhusiwi barabarani bila angalau bima ya mtu wa tatu. Kwa hiyo ukiwa na sura hii na gari bado ni lako, ushauri wangu ni kuuacha uishe pamoja na bima yenyewe. Ukiwa umeuza gari, sitisha yote kwa pamoja.

Sura ya pili ni bima ya msaada inayojitegemea. Ina namba yake ya mkataba, ada yake, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nyuma yake kuna kampuni ya bima yenye leseni ya TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Hii ndiyo yenye fedha za kurudishwa, na sehemu kubwa ya makala hii inaihusu.

Sura ya tatu ni uanachama. Gereji kubwa, mwenye magari ya kuvuta, au chama cha wenye magari anakusajili, unalipa ada ya mwaka, unapewa kadi na namba ya simu. Hii si bima hata kama muuzaji anaiita bima. Ni mkataba wa huduma, na kurudishiwa fedha kunategemea maneno yaliyoandikwa kwenye fomu uliyosaini. Fomu nyingi za aina hii husema wazi kwamba ada hairudishwi. Lakini uanachama una jambo moja zuri ambalo bima mara nyingi haina: aghalabu unamfuata mtu badala ya kulifuata gari. Kama kadi ina jina lako na haina namba ya gari, basi kuuza gari hakujakupotezea chochote. Ukiazima Probox ya shemeji yako na ikakuzimikia Usagara, unapiga simu ile ile. Soma kadi kabla ya kulalamika.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Tazama risiti na ukurasa wa kwanza. Ukiona jina la kampuni ya bima, namba ya mkataba na namba ya gari, hiyo ni bima. Ukiona jina la gereji na maneno kama "ada ya mwanachama" au "ada ya huduma", hiyo ni ya tatu. Ukiwa na shaka, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Nenda na nakala ya karatasi yako uulize kama aliyekuuzia ana leseni ya kuuza bima.

Kwa siku au kwa jedwali

Sasa tuingie kwenye bima inayojitegemea. Kampuni ina namna mbili za kuhesabu fedha zako, na tofauti yake ni kubwa kuliko wateja wengi wanavyodhani.

Namna ya kwanza ni kwa siku. Ada inagawanywa kwa siku 365, siku zilizopita zinatolewa, unarudishiwa zilizobaki. Hii hutumika zaidi pale kampuni yenyewe ndiyo inayoamua kusitisha mkataba. Kampuni chache huitumia hata mteja anapoomba, na ukiipata hiyo una bahati.

Namna ya pili ni kwa jedwali la muda mfupi, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi mteja anapoomba mwenyewe. Jedwali linasema ukikaa mwezi mmoja kampuni inabaki na asilimia fulani, ukikaa miwili asilimia kubwa zaidi, na ukifika mwezi fulani hakuna kinachorudi. Asilimia hizo daima ni kubwa kuliko siku ulizotumia. Si wizi, ina sababu zake. Kampuni ilishatumia fedha kukuandikisha na kumlipa wakala kamisheni. Pia, bila jedwali hilo, mtu angekata bima ya mwaka mwanzoni mwa masika, wakati barabara za kwenda mashambani zinateleza na magari yanakwama kila siku, halafu mwezi wa sita akaja kudai miezi ya kiangazi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Nyakato ana Noah ya kubebea dagaa kutoka mwaloni Kirumba. Alilipa shilingi 240,000 kabla ya kodi, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 jumla ikawa 283,200. Mkataba ulianza tarehe 1 Februari. Mwishoni mwa Mei ameuza Noah. Jedwali la kampuni yake linasema hivi: mwezi wa kwanza kampuni inabaki na asilimia 20, na kila mwezi unaoanza inaongeza asilimia 10, hadi mwezi wa nane ambapo inabaki na asilimia 90. Ukivuka miezi minane, inabaki na yote. Jedwali lako linaweza kuwa na tarakimu tofauti, lakini umbo lake litakuwa hilo hilo la ngazi.

Hiki ndicho anachorudishiwa, kabla ya kodi, kulingana na siku ambayo kampuni imepokea barua yake:

| Barua imepokelewa | Siku zilizobaki | Akihesabiwa kwa siku | Akihesabiwa kwa jedwali |
|---|---|---|---|
| 1 Juni | 245 | 161,096 | 120,000 |
| 2 Juni | 244 | 160,438 | 96,000 |
| 16 Julai | 200 | 131,507 | 72,000 |
| 10 Oktoba | 114 | 74,959 | 0 |

Tazama mistari miwili ya juu. Kwa hesabu ya siku, kuchelewa kwa siku moja kunamgharimu shilingi 658. Kwa jedwali, siku hiyo hiyo moja inamgharimu 24,000, kwa sababu mwezi wa tano umeanza na amepanda ngazi. Halafu baada ya hapo, kuanzia tarehe 2 Juni hadi 30 Juni hakuna kinachobadilika. Atarudishiwa 96,000 akipeleka barua tarehe 2 au tarehe 28. Kwa hiyo mwenye mkataba wa jedwali anatakiwa kuijua tarehe mkataba wake unapogeuka mwezi. Haihesabiwi kwa mwezi wa kalenda. Mkataba ulioanza tarehe 17 hugeuka kila tarehe 17, na barua inatakiwa ifike kabla siku hiyo haijapita.

Na tarehe inayohesabiwa ni ya kupokelewa kwa barua. Siku uliyouza gari haiingii kwenye hesabu. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mteja anafika kaunta mwezi wa saba na mkataba wa mauziano wa mwezi wa tano, anaamini karatasi hiyo itamrudisha nyuma.

"Mama, gari uliuza Mei, sawa, lakini sisi tumekujua leo," kijana wa kaunta atamwambia.

"Sasa mwanangu, hiyo miezi miwili gari halikuwa langu, mngenivutia nini?"

Ana hoja ya haki, lakini mkataba hauitambui, kwa sababu namba ya Noah ilibaki hai kwenye mfumo wa kampuni siku zote hizo. Wapo mameneja wanaokubali kurudisha tarehe nyuma wakiona kadi imebadilishwa jina TRA siku hiyo hiyo ya mauzo. Omba, hakuna ubaya. Ila usipange bajeti yako juu ya huruma hiyo.

Kuna sharti jingine la kuangalia kabla hujaanza kuhesabu fedha. Mikataba mingi inasema ukishatumia huduma hata mara moja katika mwaka huo, hakuna kinachorudishwa. Kwenye bima kubwa ya gari watu wanalielewa sharti hili, maana dai ni ajali na kila mtu anaikumbuka. Kwenye msaada barabarani dai ni simu moja tu. Betri imelala asubuhi Buzuruga, umepiga namba ya kampuni, kijana amekuja na waya akakustua, mmeagana. Ofisini tukio hilo limeandikwa kama huduma iliyotolewa, na linaweza kuua haki ya shilingi 120,000. Kwa hiyo kama umeshaamua kuuza gari na huna muda mrefu, ukikwama kwa jambo dogo mwite fundi wa mtaani umlipe. Namba ya kampuni iweke kwa ajili ya brekidauni ya kweli, pale gari limezima Lamadi usiku na injini haigeuki. Hapo usifikirie fedha za kurudishiwa, piga simu.

Kuhamishia gari jingine: lini kunashinda fedha taslimu

Kuhamisha maana yake mkataba unabaki ule ule, namba ya gari la zamani inatolewa, ya gari jipya inaingizwa, na unapewa karatasi ya nyongeza yenye tarehe. Kampuni hutoza ada ndogo ya kuandika. Kwenye mfano wetu tuseme ni 15,000.

Kama unahesabiwa kwa siku, kuhamisha hakuna faida ya fedha. Unachukua thamani kamili ya siku zilizobaki taslimu, na siku ukipata gari jipya unakata bima mpya. Ukihamisha unalipa 15,000 za bure, na kila siku ambayo huna gari inapotea. Sababu pekee ya kuhamisha hapo ni kama bei ya mwaka mpya imepanda, au kama mkataba mpya una siku za kusubiri. Baadhi ya mikataba haikuhudumii siku za mwanzo baada ya kulipa, ili mtu asikate bima akiwa tayari amekwama barabarani. Mkataba uliohamishwa kwa kawaida haurudi kwenye kusubiri, ila waulize wakuandikie.

Kama unahesabiwa kwa jedwali, mambo yanageuka. Tarehe 1 Juni yule mama anaweza kuchukua 120,000 mkononi, au kubaki na siku 245 za huduma ambazo thamani yake kwa bei aliyonunulia ni 161,096. Akiwa tayari ana gari jingine uani, kuhamisha kunamwachia thamani ya 146,096 baada ya kutoa ada ya kuandika, na hiyo ni zaidi ya fedha taslimu kwa 26,000 hivi. Lakini akikaa bila gari, thamani hiyo inapungua kwa 658 kila siku. Ukifanya hesabu, mizani inalingana karibu siku 40 baadaye, yaani tarehe 10 Julai. Gari jipya likija kabla ya hapo, kuhamisha kumeshinda. Likija baada ya hapo, afadhali angechukua fedha zake tarehe 1 Juni.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa mkataba wowote. Chukua fedha utakazorudishiwa leo, ongeza ada ya kuhamisha, gawanya kwa bei ya siku moja. Jibu ni idadi ya siku za huduma ambazo lazima ziwe zimebaki siku gari jipya linapoingia. Kwa mama huyu ni 135,000 ukigawanya kwa 657.5, yaani siku 205. Yeyote anayesubiri gari lake litoke bandarini Dar es Salaam awe mkweli na nafsi yake kuhusu tarehe. Ahadi ya "wiki ijayo" kwa gari lililo kwenye meli isiingie kwenye hesabu.

Kabla ya kuchagua kuhamisha, soma vizuizi vya gari. Mkataba wa msaada huweka kikomo cha uzito na mara nyingi cha umri wa gari, kwa sababu brekidauni inayobeba Noah haiwezi kubeba Canter. Mtu aliyeuza Noah akanunua Canter ya kubebea samaki atakataliwa, na akikataliwa muda umeshapita ngazi moja ya jedwali. Uliza kwanza kwa simu, na wakikubali omba ujumbe wa maandishi.

Tazama pia eneo la huduma. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, gari lililozima upande wa Sengerema lilisubiri kivuko, na gari la kulivuta nalo lilisubiri kivuko. Mikataba iliyoandikwa enzi hizo inaweza kuwa bado inaliweka eneo la ng'ambo nje ya huduma, au kulitoza nyongeza, ingawa leo ni safari ya dakika chache juu ya ziwa. Kama gari jipya litafanya kazi Sengerema au Geita, na kampuni haitaki kubadilisha maneno hayo, mimi nisingehamisha. Ningechukua fedha nitafute kampuni inayofika huko. Kwa Ukerewe ni suala jingine kabisa. Kivuko bado kipo, na karatasi isiyotaja Nansio kwa jina uichukulie kwamba haifiki Nansio.

Kuuacha uishe

Njia hii ina nafasi yake. Kama jedwali limeshafika mwisho, hakuna cha kudai na hakuna sababu ya kupoteza nauli ya kwenda mjini. Kama uliita huduma na sharti linasema hakuna kurudishiwa, vivyo hivyo. Hata hapo peleka barua fupi kwamba gari umeuza, maana mnunuzi anaweza kuwa anatumia namba yako bila wewe kujua. Na mnunuzi naye ajue kwamba bima haimfuati kwa sababu tu amenunua gari. Mkataba ni kati ya kampuni na aliyetajwa humo. Siku akikwama Bunda na kampuni ikauliza jina, ataachwa barabarani.

Anayelipa kwa mwezi kwa simu ana hali tofauti. Hana miezi ya kurudishiwa, na wengi huacha tu kulipa wakidhani wamemaliza. Kwenye mikataba ya ada ya mwaka iliyogawanywa kwa awamu, kuacha kulipa hakusitishi mkataba. Kunazaa deni. Tuma taarifa ya kusitisha kama mwingine yeyote, na uliza kama jedwali linakudai kitu. Ukiwa umelipa awamu nne kati ya 12, sawa na 80,000, na jedwali linasema miezi minne ni asilimia 50, kampuni inaweza kukuambia bado unadaiwa 40,000. Hapo kuendelea na awamu zilizobaki, hasa kama utapata gari jingine, kunaweza kuwa na maana kuliko kulipa 40,000 bila kupata huduma.

Barua yenyewe

Kusitisha kwa mdomo au kwa simu kwa wakala hakuhesabiki. Wakala anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akiwa safarini wiki mbili, wiki hizo ni zako. Andika barua kwa kampuni, nakala kwa wakala. Iwe fupi hivi:

> YAH: KUSITISHA BIMA YA MSAADA BARABARANI, MKATABA NA. ______, GARI NA. T ______
>
> Naomba mkataba uliotajwa hapo juu usitishwe kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Gari nimeliuza tarehe ______. Sijatumia huduma yoyote katika kipindi hiki cha mkataba. Naomba nirudishiwe ada ya muda uliobaki pamoja na sehemu yake ya VAT, kupitia akaunti Na. ______ yenye jina langu. Naomba pia mniandikie namna mlivyokokotoa kiasi hicho.
>
> Bima ya mtu wa tatu au nyingine yoyote niliyonayo kwenu isiguswe.

Sentensi ya mwisho iweke kama una mikataba miwili kwenye kampuni moja. Karani akifuta kwa namba ya gari badala ya namba ya mkataba, anaweza kuondoa vyote, na wewe ukajua siku trafiki anapokusimamisha Igoma akaikagua bima yako kwenye mfumo wa TIRA. Kama gari bado ni lako, ingia kwenye mfumo huo siku chache baada ya barua, weka namba ya gari, uone bima ya lazima bado iko hai.

Ambatanisha nakala ya mkataba wa mauziano, nakala ya kitambulisho chako, risiti ya malipo na cheti halisi cha bima kama ulipewa. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, usiridhike mpaka mtu ajibu kwamba ameipata. Muhuri huo ndio utakaoamua kama unapata 120,000 au 96,000.

Sehemu ya VAT huwa inasahaulika. Ulilipa 283,200, kwa hiyo fedha za kurudi zinahesabiwa na kodi yake: 120,000 zinakuwa 141,600. Kampuni hutoa hati ya kupunguza ankara ya kwanza ili hesabu zake za TRA zikae sawa. Ukiona umeletewa 120,000 kamili, uliza hati hiyo iko wapi kabla ya kusaini kwamba umepokea yote.

Jina nalo huzuia fedha. Malipo huenda kwa aliyetajwa kwenye mkataba. Kama mkataba uliandikwa kwa jina la mwenye gari wa zamani kwa sababu kadi ilikuwa haijabadilishwa, fedha zitatoka kwa jina lake, na utahitaji barua yake ya kukuruhusu. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki imetajwa kwenye mkataba, kampuni itataka barua ya benki kwanza, na fedha zinaweza kupelekwa kwenye mkopo. Mambo haya ni bora uyatatue kabla ya kupeleka barua ya kusitisha, ila usisubiri hata ngazi ya jedwali ikapita. Peleka barua, kisha uendelee kukusanya karatasi.

Fedha zikichelewa

Muda wa kulipa utafute kwenye mkataba. Kama haumo, waulize siku ya muhuri na waandike kwenye nakala yako. Ukipita, andikia kitengo cha malalamiko cha kampuni, ukiambatanisha nakala yenye muhuri. Kwa bima, hatua inayofuata ni ofisi ya TIRA ya kanda, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya migogoro kati ya mteja na kampuni. Wote watauliza swali lile lile la kwanza: umeshailalamikia kampuni kwa maandishi, na ilijibu nini? Mwenye nakala anasikilizwa mapema.

Kwa uanachama wa gereji, TIRA hawatakusaidia kwa sababu hiyo si bima. Hapo unasimama juu ya fomu uliyosaini, na kama uliuziwa kwa kudanganywa kwamba ni bima, malalamiko yako yanaingia kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Kwa ada ndogo ya mwaka, kwa uzoefu wangu, mwenye gereji akiombwa vizuri ahamishie kadi kwa ndugu yako mwenye gari mara nyingi anakubali haraka kuliko kurudisha fedha, kwa kuwa hatoi kitu mfukoni. Omba abadilishe jina kwenye kadi na kwenye daftari lake pia, kwa sababu simu ikipigwa saa sita usiku kijana wa zamu atalitazama daftari.